Soseji moja kwa siku na asilimia 18: namna ya kusoma habari inayosema chakula fulani huleta au huzuia ugonjwa

Oktoba 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani na lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba nyama iliyosindikwa husababisha saratani ya utumbo mpana. Nyama iliyosindikwa ni ile iliyotiwa chumvi nyingi, iliyokaushwa kwa moshi au iliyowekewa kemikali ili ikae muda mrefu bila kuharibika: soseji, bekoni, hemu, salami. Wataalamu 22 kutoka nchi 10 walikuwa wamepitia tafiti zaidi ya 800. Katika tangazo lao kulikuwa na namba moja iliyotapakaa duniani kote: kila gramu 50 za nyama hiyo zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18.

Gramu 50 ni kama soseji moja ya kawaida. Wengi waliosoma habari hiyo walielewa kwamba kati ya watu 100 wanaokula soseji kila siku, 18 watapata saratani. Sivyo. Kwa nchi kama Uingereza, jibu ni kama mtu 1 wa ziada kati ya 100, tena katika maisha yao yote. Namba ni sahihi, tafiti zimefanywa kwa uangalifu, na bado msomaji ameondoka na hofu iliyokuzwa mara nyingi. Hilo linanikera, kwa sababu mtu anayeogopeshwa hivi mara tano au sita huishia kupuuza kila onyo la afya, hata lile linalomhusu kweli.

Nitaifuata habari hii moja kuanzia kichwa chake hadi mwisho. Hesabu inayohitajika ni ya kuzidisha na kutoa tu.

Hatua ya kwanza: uliza ni asilimia 18 ya nini

Hatari hutajwa kwa namna mbili. Hatari linganishi huweka makundi mawili ubavuni, wanaokula na wasiokula, kisha husema kundi moja limezidi jingine kwa sehemu gani. Hatari halisi husema kati ya idadi fulani ya watu, wangapi wataugua ndani ya muda fulani. Mwenye duka akikuambia bei imepanda kwa asilimia 18, hujui umeongezewa kiasi gani mpaka ujue bei ilikuwa ngapi. Asilimia 18 ya soseji ni ya namna hiyo hiyo: imehesabiwa juu ya hatari ambayo mtu alikuwa nayo tayari, na kichwa cha habari hakikuitaja.

Lugha yenyewe hukuonyesha uko wapi. Ukikuta "huongeza kwa asilimia", "hupunguza kwa asilimia", "mara mbili zaidi" au "hupunguza kwa nusu", hiyo ni hatari linganishi. Ukikuta "watu 66 kati ya 1,000", hiyo ni hatari halisi. Vichwa vya habari hupenda namna ya kwanza kwa sababu hutoa namba kubwa.

Mtego mmoja hapa huwanasa hata waandishi wazoefu. Hatari ikitoka asilimia 5.6 ikafika asilimia 6.6, unaweza kusema imeongezeka kwa asilimia 18, na unaweza pia kusema imeongezeka kwa pointi 1 ya asilimia. Kauli zote mbili ni kweli, kwa tukio lile lile. Kwa hiyo ukiona neno "asilimia" peke yake, usiendelee mpaka ujue ni asilimia ya watu wote au ni asilimia ya hatari ya awali.

Hatua ya pili: tafuta hatari ya kuanzia

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo habari nyingi huishia njiani. Hatari ya kuanzia ni hatari ya mtu ambaye hali chakula hicho, au anakula kidogo sana. Ili iwe na maana, lazima ijibu maswali matatu: ni watu gani, ni ugonjwa upi hasa, na ni ndani ya muda gani. "Hatari ya saratani" bila muda haina maana. Hatari ya mwaka mmoja na hatari ya maisha yote ni namba zilizoachana mbali sana.

Kwa habari ya soseji, Cancer Research UK, shirika la hisani la utafiti wa saratani la Uingereza, lilitoa namba hiyo waziwazi. Nchini humo, kati ya watu 1,000 wanaokula nyama iliyosindikwa kwa kiasi kidogo kabisa, takriban 56 hupata saratani ya utumbo mpana wakati fulani maishani mwao. Hiyo 56 ndiyo mwanzo wetu.

Habari isipoitaja, fungua utafiti wenyewe. Muhtasari wake kwa kawaida husomeka bure kwenye PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya tafiti za afya, hata kama makala kamili inalipiwa. Utakutana na alama kama hizi:

```
RR 1.18 (95% CI 1.10–1.28)
```

Herufi RR, na wakati mwingine HR, hukutajia hatari linganishi. Moja kamili maana yake hakuna tofauti, 1.18 maana yake asilimia 18 zaidi, 0.70 maana yake asilimia 30 pungufu. Hiyo bado si hatari ya kuanzia. Hiyo utaitafuta kwenye idadi ya wagonjwa katika kila kundi, ambayo hukaa kwenye jedwali la matokeo: waliougua wangapi, kati ya wangapi, waliofuatiliwa kwa miaka mingapi. Kwa saratani kuna njia nyingine ya haraka. Tovuti ya IARC iitwayo Global Cancer Observatory huonyesha kwa kila nchi na kila saratani kipimo kiitwacho `Cumulative risk`, yaani uwezekano wa mtu kupata saratani hiyo kabla ya kutimiza miaka 75. Namba hiyo inawahusu watu wote wa nchi, walaji na wasio walaji, lakini kwa makadirio ya nyumbani inatosha.

Ukikuta OR, kipimo kingine cha kulinganisha makundi mawili, badala ya RR, nenda polepole. OR hukaribiana na hatari linganishi pale ugonjwa unapokuwa adimu, lakini kwa hali iliyo ya kawaida kwa watu wengi huikuza tofauti.

Hatua ya tatu: weka watu 1,000 mbele yako

Mimi huchukua karatasi na kuandika makundi mawili, kila moja watu 1,000, kisha huzidisha.

Kundi la kwanza hawagusi soseji, au wanaigusa mara chache sana. Wataougua maishani: 56.

Kundi la pili hula gramu 50 kila siku. 56 mara 1.18 ni 66.

Tofauti ni watu 10 kati ya 1,000, yaani 1 kati ya 100. Sasa litazame kundi la pili kwa ukaribu, maana hapa ndipo picha inapokaa sawa. Kati ya watu 1,000 wanaokula soseji kila siku ya maisha yao, 934 hawapati saratani hiyo. Watu 56 wanaipata, na wangeipata hata kama wasingekula soseji. Watu 10 wanaipata kwa sababu ya soseji, ikiwa tunakubali kwamba soseji ndiyo chanzo. Hakuna anayeweza kukuonyesha ni wepi hao 10, na mgonjwa akifika hospitali, daktari hawezi kusema kama ni wa wale 56 au wa wale 10.

Usiishie kwenye namba moja. Yale mabano kwenye muhtasari, 1.10 hadi 1.28, ni wigo: data zinapatana na ongezeko lolote kati ya asilimia 10 na asilimia 28. Rudia kuzidisha kwa ncha zote mbili. 56 mara 1.10 ni takriban 62. 56 mara 1.28 ni takriban 72. Kwa hiyo jibu la kweli si 10 kavu, bali ni kati ya 6 na 16 wa ziada kwa kila 1,000, na 10 ndiyo makadirio yaliyo bora. Ukikuta utafiti ambao wigo wake unavuka 1, kwa mfano kuanzia 0.95 hadi 1.40, ujue data hizo zinapatana pia na kutokuwepo kwa madhara yoyote, na kichwa cha habari kilichoandikwa kwa uhakika hakikustahili uhakika huo.

Kumi kati ya elfu ni nyingi au chache? Inategemea anayeuliza. Mtu mmoja anayependa soseji yake anaweza kuiona hatari hiyo ni ndogo na akaendelea kula, na uamuzi huo si wa kijinga. Wizara ya afya yenye watu milioni 1 wanaokula hivyo kila siku inaona wagonjwa 10,000 ambao wangeweza kuepukwa. Hatari halisi haikuambii upuuze. Inakupa ukubwa wa jambo, kisha uamuzi ni wako.

Hatua ya nne: badilisha watu, kisha badilisha kiasi

Ile 56 ni ya Uingereza, nchi ambako saratani ya utumbo mpana ni ya kawaida. Kuna nchi nyingi ambako ni adimu zaidi. Tuseme mahali fulani hatari ya kuanzia ni watu 10 kati ya 1,000. Ongeza asilimia 18 na utapata karibu 12: watu 2 wa ziada badala ya 10. Upande mwingine, tuseme mtu ana historia ya ugonjwa huo katika familia na hatari yake ya kuanzia ni 120 kati ya 1,000. Ikiwa ongezeko ni lile lile kwake, atafika karibu 142, yaani 22 wa ziada. Kichwa cha habari ni kimoja na asilimia ni moja, lakini watu hawa watatu wamepewa habari tatu zenye uzito tofauti kabisa. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba asilimia linganishi ikisimama peke yake haimwambii mtu chochote kuhusu yeye mwenyewe.

Kiasi nacho. Asilimia 18 ni ya gramu 50 kila siku, miaka nenda miaka rudi. Anayekula soseji moja kwa wiki anakula wastani wa gramu 7 kwa siku. Tukichukulia kwamba hatari hupanda sawia na kiasi kinacholiwa, ongezeko lake ni asilimia 2.6 hivi, na 56 inakuwa 57 na nusu. Hayo ni makadirio tu, kwa sababu hakuna hakika kwamba mstari unanyooka hivyo hadi kwenye viwango vya chini kabisa. Lakini yanatosha kukuonyesha kwamba mlaji wa kila wiki hakuwa ndiye aliyesemwa kwenye habari ile.

Kwa nini soseji iliwekwa kundi moja na sigara

Hili lilizua taharuki kuliko yote, na bado huzunguka kwenye simu za watu. IARC iliiweka nyama iliyosindikwa katika Kundi la 1, ambamo pia mna moshi wa tumbaku, na magazeti yakaandika kwamba soseji ni mbaya sawa na sigara. Makundi ya IARC hupanga uzito wa ushahidi. Kundi la 1 maana yake ni kwamba ushahidi unatosha kusema kitu hiki husababisha saratani kwa binadamu. Halisemi kinasababisha kwa wangapi.

Pima mwenyewe. Soseji ya kila siku huzidisha hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa 1.18. Uvutaji wa sigara huzidisha hatari ya saratani ya mapafu kwa mara 15 hadi 30. Shirika la Afya Duniani, likieleza tangazo lile la 2015, lilitaja makadirio ya vifo takriban 34,000 vya saratani kwa mwaka duniani vinavyotokana na ulaji mwingi wa nyama iliyosindikwa, na takriban milioni 1 vinavyotokana na tumbaku. Kwa hiyo unaposoma kwamba kitu "kimethibitishwa" kuleta saratani, umejibiwa swali la kama kinaleta. Swali la kiasi gani bado liko palepale, na linajibiwa kwa hatua tatu za kwanza.

Hatua ya tano: uliza kama ni chakula chenyewe

Hesabu yote ya juu inasimama juu ya sharti moja: kwamba chakula ndicho kilicholeta tofauti. Tafiti nyingi za lishe huwafuatilia watu wanaojichagulia chakula wenyewe. Wanaokula soseji nyingi wanaweza pia kuvuta sigara zaidi, kunywa pombe zaidi na kula mboga kidogo. Watafiti hujaribu kuondoa athari hizo kwa hesabu, lakini huondoa zile tu walizozipima.

Mfano unaonifanya niwe mwangalifu siku zote ni wa beta-karotini, ile rangi ya karoti. Tafiti za kufuatilia zilionyesha kwamba wanaokula vyakula vyenye beta-karotini kwa wingi hupata saratani ya mapafu kidogo kuliko wengine. Nchini Finland wakaijaribu kwa kura: wanaume 29,133 wavutaji wa sigara, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, wengine wakipewa vidonge vya beta-karotini na wengine wasipewe, kwa miaka 5 hadi 8. Matokeo yalitoka 1994. Waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi, si pungufu.

Asilimia 18, sawa na ya soseji. Lakini hatari ya kuanzia ilikuwa tofauti: kati ya wavutaji 10,000 kwa mwaka mmoja, takriban 47 waliugua bila vidonge, na 56 kwa vidonge. Tisa wa ziada kwa 10,000, tena kwa kila mwaka unaopita. Na kwa kuwa watu waligawanywa kwa kura, ni vigumu sana kusingizia tabia nyingine. Ukipata habari ya chakula, tafuta kwanza kama washiriki walipangiwa cha kula kwa kura au walijichagulia. Kama walijichagulia, uzidishe kwa karatasi yako kama kawaida, lakini andika pembeni: "ikiwa ni chakula chenyewe".

Habari za "huzuia" husomwa vivyo hivyo

Watu huzishuku habari za madhara na kuzimeza habari za faida, ilhali hesabu ni moja. Chukua utafiti wa Hispania uitwao PREDIMED. Watu 7,447 wa miaka 55 hadi 80, wasio na ugonjwa wa moyo lakini wenye kisukari au vihatarishi vingine kadhaa, waligawanywa katika makundi matatu: mlo wa Mediterania wenye mafuta ya zeituni kwa wingi, mlo huo huo wenye jozi, lozi na hazelnati, na ushauri wa kupunguza mafuta. Kichwa cha habari kilikuwa: mlo huu hupunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 30.

Hatari ya kuanzia: katika kundi la ushauri, takriban watu 11 kati ya 1,000 walipatwa na moja ya hayo kila mwaka. Katika makundi ya mlo, takriban 8. Yaani watu 3 waliepushwa kwa kila 1,000 kwa mwaka, au mtu 1 kwa kila 330 hivi wanaofuata mlo huo mwaka mzima. Kwa watu wenye hatari kubwa, na kwa chakula kitamu, mimi naona hiyo ni faida nzuri. Lakini kijana mwenye afya, ambaye tuseme hatari yake kwa mwaka ni 1 kati ya 1,000, hata akipata punguzo kamili la asilimia 30 atakuwa amepunguza 0.3 kwa 1,000. Asilimia ile ile haina uzito ule ule kwake.

Tena, utafiti huu ulitolewa 2013, ukaondolewa na jarida lake 2018 baada ya kugundulika kwamba baadhi ya washiriki hawakugawanywa kwa kura ipasavyo, kisha ukachapishwa upya baada ya kuchambuliwa tena. Matokeo yalikaribiana na ya awali, ila maneno ya hitimisho yalipunguzwa makali. Habari ya zamani bado inazunguka bila kutaja hayo, kwa hiyo unapofungua utafiti kwenye PubMed angalia kama kuna alama `Retracted` juu ya kichwa chake.

Ukitaka kumweleza mwenzako

Tumia idadi moja ya watu pande zote mbili. Ukimwambia mtu kwamba hatari imetoka 1 kati ya 18 ikawa 1 kati ya 15, atalazimika kugawanya kichwani, na wengi, kwa kuona 18 ni kubwa kuliko 15, hudhani hatari imepungua. Sema 56 kati ya 1,000 dhidi ya 66 kati ya 1,000. Taja muda, taja kiasi kinacholiwa, taja ni watu gani. Habari ya soseji iliyoandikwa hivyo inaingia kwenye ujumbe mmoja wa simu: "Kati ya Waingereza 1,000 wanaokula nyama iliyosindikwa kidogo sana, kama 56 hupata saratani ya utumbo mpana maishani. Wakila gramu 50 kila siku, idadi hiyo inakadiriwa kufika kama 66." Na kama habari uliyotumiwa haina hatari ya kuanzia, wala hukuipata kwenye utafiti, mjibu aliyekutumia kwa swali moja tu: kutoka wangapi hadi wangapi?